Kodi Iliyokatwa Mlangoni

Mwanamume hawezi kuingia chumba cha kulala cha watu kwenda kukagua kitanda, na ndiyo sababu nilipata kazi Maskati.

Nilikuwa nimetoka Dubai, kabla yake Mombasa, kabla yake Dar es Salaam, na mwanzo wa yote Unguja. Sijui kukaa. Ndugu zangu husema nilizaliwa na unyasi katika kiatu. Maskati nilifika kwa mwezi mmoja nikapitiliza miaka, kwa sababu ya kazi ile. Tajiri wangu alikuwa na duka la vitu vilivyotumika Azaiba, barabara kuu: makabati, mafriji, seti za viti, na vitanda vya zamani vilivyovuka bahari na wazee. Vitu vizuri vilikuwa vyumbani mwa wanawake, katika majumba ya Al Khoudh na maghorofa ya Al Khuwair, na wenyewe walikuwa bibi na mama zetu wanaosema Kiswahili cha kwetu. Tajiri mwenyewe kwao walisema Kiswahili, lakini alikuwa mwanamume. Basi alinituma mimi. Mimi ndani, yeye nje getini, ndani ya gari, kiyoyozi kinavuma.

Niliipenda kazi ile kuliko zote nilizofanya. Nilikuwa naingia chumba nisichokijua nikakuta kioo cha kabati kama cha mama yangu, na harufu ya udi katika mashuka, nikasimama kidogo kabla sijasema kitu. Wenye nyumba walinielewa. Tulikunywa kahawa kwanza, tukaulizana fulani kaolewa wapi, ndipo tukapatana. Tukishapatana nilitoa hati ya manunuzi, mwenye kitu akaandika jina lake na bei tuliyokubaliana, akanipa nakala ya kadi yake, akatia saini. Fedha hakuzipokea yeye. Fedha zilikuwa shughuli ya wanaume nje: tajiri alimlipa mwana, au mkwe, au yeyote aliyesimama getini kwa niaba ya nyumba. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika kabla sijafika, na hakuna aliyeona ajabu kwamba mtu anatia saini kwa fedha ambazo hajaziona.

Kila baada ya miezi mitatu alikuja mhasibu, Mkenya mmoja mpole, kutayarisha hesabu za kodi ya ongezeko la thamani. Wenyeji huiita dhariba. Mara ya kwanza nilipomkuta alikuwa anamweleza tajiri mbele yetu sote, amesimama karibu na friji.

"Boss, skiza. Hii friji umenunua kwa mtu wa nyumbani, riali arobaini. Huyo mtu hakukutoza kodi, kwa sababu hana biashara wala hajasajiliwa. Sasa umeuza sitini na moja. Huwezi kutozwa kodi kwa sitini na moja yote, maana kitu kilishalipiwa kodi siku kiliponunuliwa kipya. Unatozwa kwa faida. Faida ni ishirini na moja. Ndani yake, ishirini ni yako na moja ni ya serikali."

"Moja tu?"

"Moja tu. Lakini kwa risiti hakuna mstari wa kodi. Customer anaona bei, na neno kwamba kodi imehesabiwa juu ya faida. Ukiandika kodi pale, hiyo uliyoandika utailipa yote. Na uniwekee hati za manunuzi. Bila hati ya kweli siwezi kuonyesha faida, na bila faida ni kodi kwa bei nzima."

Tajiri alicheka akaligonga friji kama anayempiga punda mgongoni. Hati zilikuwa zinatoka kwangu, na mimi nilizitunza vizuri.

Bibi wa Al Khoudh alikuwa anahamia kwa binti yake. Alikuwa na samadari ya mkangazi, kitanda cha kizamani, nguzo zake zimechongwa, na ubavuni vioo vyenye maua. Alizaa juu yake watoto wote. Hakutaka kuiuza, na wala hakutaka iozee stoo. Tulikaa asubuhi nzima.

"Nnakwambia, mwanangu, mie sitaki kuikumbuka bei yake," alisema. "Sema wewe."

Nilisema mia tatu. Ilikuwa bei ya haki kwa kitu ambacho lazima kibebwe na watu sita na kupigwa vanishi upya. Aliitikia kwa kope. Akatia saini, mia tatu, akanishika mkono akanambia niifunike wakati wa kuipakia, majirani wasiione. Niliifunika kwa mashuka yangu mwenyewe niliyokuja nayo.

Tuliiuza kwa mia tano na kumi, kwa mtu aliyekuwa akijenga nyumba ya kulaza wageni. Nilijihisi vibaya siku ilipotoka, kisha nikasahau.

Baada ya hapo nyumba zikaanza kuwa na shughuli. Nikipiga simu, mama mmoja anasafiri. Mwingine kabati lake kampa mpwawe. Mwingine aliniacha mlangoni na mtumishi wake, msichana wa Kiganda, aliyenitazama miguuni akasema, "Madam amesema leo hapana." Kwa mtu kama mimi aliyezoea kuhama, mlango uliofungwa si jambo kubwa. Lakini ile ilikuwa milango yote.

Nilijua sababu yake Al Khuwair, kwenye kuchora hina ya bibi harusi mmoja. Niliingia, nikaamkia, nikatafuta pa kukaa. Mwanamke mmoja mnene mwenye sauti ya utani, ambaye nilikuwa nimewahi kununua kwake meza ya kioo na viti vyake, alijikunja akavuta mkoba wake kifuani.

"Shikeni vyenu jamani. Bi Dhariba kaingia."

Wakacheka. Nilidhani ni utani wa kawaida, nikacheka nao.

"Unanicheka na mimi," alisema. "Tulipatana tisini humu humu ndani, nikatia saini kwa kalamu yako ya bluu. Mwanangu kaletewa themanini na tano na nusu. Ati dhariba. Bibi wa Al Khoudh umemkata kumi na tano. Kitanda alichozalia! Mwenzetu unaikatia serikali ya nani?"

"Mimi sikukata kitu."

"Basi imekatwa na jini la getini."

Bibi harusi alikuwa amenyoosha mikono, hina haijakauka, na yeye pia alikuwa ananitazama. Sikula. Nilitoka na viatu mkononi.

Kesho yake nilimkuta tajiri dukani kwa nyuma, kati ya makabati mawili. Nilimuuliza amewakata wale watu kodi gani.

"Ya serikali," alisema.

"Mtu anayeuza kitanda chake hana kodi. Mhasibu kasema mbele yetu."

"Mhasibu anasema mengi." Alikuwa anafuta vumbi kwa kidole. "Sikiza. Mimi samadari ile niliitaka kwa mia mbili na themanini na tano. Ningekutuma ushushe, ungekaa humo mpaka adhuhuri mnalia pamoja. Nimekufupishia. Ukimwambia mtu bei imeshuka, atabishana. Ukimwambia dhariba, nani atabishana na dhariba?"

"Na wanunuzi? Unawaambia tano kwa mia juu ya bei."

"Kwa mdomo tu. Siandiki."

"Wanasema mimi ndiye niliyekata."

Hapo aliniangalia, na hakuwa na hasira hata kidogo. Hilo ndilo nisilomsamehe.

"Waache waseme. Wewe mtu wa kuhamahama. Leo Maskati, kesho Salala, kesho kutwa hujulikani. Jina la nini?"

Nimewahi kutukanwa katika miji mingi na sikumbuki nusu yake. Lile nililibeba mpaka nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo. Alikuwa amesema kweli kwamba mimi si mtu wa kukaa. Hakujua kwamba mtu asiyekaa hana kitu kingine anachokiacha nyuma isipokuwa namna anavyotajwa baada ya kuondoka. Sina nyumba Mombasa. Sina nyumba Dubai. Lakini nikipiga simu huko kuna watu watakaopokea.

Ningeweza kwenda kumshitaki. Nilifikiri hilo. Ofisi ya kodi ingemwita, angetozwa, angelipa, angerudi dukani, na wanawake wasingejua lolote. Mimi sikutaka alipe kwa siri. Nilitaka alipe huku anatazamwa, tena na wale wale waliofunga milango.

Niliendelea kufika kazini mapema, nikafuta vioo, nikamtengenezea chai ya maziwa kama anavyoipenda. Nilingoja siku ya mhasibu. Ilipokaribia, nilirekodi sauti nikaituma kwa mwanamke wa Al Khuwair, nikijua kwamba kumtumia yeye ni kuwatumia wote:

"Assalamu alaikum mama zangu. Wale waliokatwa dhariba walipouza vitu vyao, Jumatano baada ya alasiri mhasibu atakuwapo dukani Azaiba. Njooni mumtake tajiri awape karatasi zenu za serikali. Haki yenu."

Kisha nikaizima simu ili nisijibu maswali.

Walikuja. Sikutegemea watakuja wengi vile. Magari yaliegeshwa mpaka mbele ya duka la jirani, na wana na wakwe walibaki nje wameegemea milango, kwa sababu mama zao waliwaambia wabaki nje. Wanawake waliingia na mabuibui yao, chupa za kahawa na mfuko wa halua, wakakaa juu ya viti vya kuuzwa. Bibi wa Al Khoudh alipewa kochi la ngozi lililokuwa na kibandiko cha bei begani mwake. Hakunitazama.

Tajiri alitoka ofisini anatabasamu. "Karibuni, karibuni mama zangu. Leo kheri?"

"Kiti hiki," alisema yule wa Al Khuwair, "mtu akikaa tu anakatwa, au mpaka anunue?"

Tajiri alicheka peke yake.

"Tumekuja kuchukua karatasi," alisema Bibi. Alisema taratibu, kama anaagiza dawa. "Mkwe wangu kanambia riali kumi na tano za kitanda changu zimekwenda kwenye dhariba. Mie sina ugomvi na serikali. Nnataka karatasi yake tu, niiweke na karatasi zangu."

"Na mimi yangu," alisema mwingine.

"Na mimi. Ya kabati."

Mhasibu alikuwa ndani, mlango uko wazi. Kalamu yake ilisimama. Alitoka polepole na miwani mkononi.

"Dhariba gani, boss?"

"Jambo dogo. Nitakueleza."

"Huyu mama ni mfanyabiashara? Amesajiliwa?"

"Mwanangu," alisema Bibi, "mie hata duka la sabuni sijapata kuwa nalo."

"Basi mama, hakuna kodi ungeweza kukatwa. Haipo." Mhasibu alimgeukia tajiri, sauti yake bado ya upole. "Boss, hati yako inasema samadari ulinunua mia tatu. Nimetumia mia tatu. Kumbe umelipa mia mbili themanini na tano?"

"Tulishusha bei. Basi andika hiyo. Rekebisha."

Niliona hesabu ikipita usoni mwa tajiri, na mimi pia niliifanya. Manunuzi yakishuka riali kumi na tano, faida inapanda riali kumi na tano, na kodi ya hizo haifiki hata riali moja. Angeipa serikali baisa mia saba na kitu, akabaki na kumi na tano za Bibi. Alikuwa karibu kutabasamu tena.

"Kurekebisha naweza," alisema mhasibu. "Lakini nitataka hati mpya. Kila muuzaji aandike kwamba alipokea kiasi hiki, na asaini. Hii niliyo nayo sasa ni ya uongo, siwezi kuitumia."

Tajiri aliwageukia. "Mama zangu, ni saini tu. Hapo hapo mlipo."

Hakuna aliyesogea. Yule wa Al Khuwair alimimina kahawa, akampa Bibi, akajimiminia yeye.

"Mie saini yangu nishatia," alisema Bibi. "Nilitia kwa mia tatu."

"Na mimi kwa tisini."

"Sasa wasipotia?" tajiri alimuuliza mhasibu, kwa sauti ya chini, lakini duka lilikuwa kimya.

"Wasiposaini sina hati ya kweli ya manunuzi. Bila hati hakuna faida ya kuonyesha. Nitatoza bei nzima, kwa kila kitu kilichonunuliwa hivyo. Kitanda hicho peke yake, badala ya riali kumi, zinapita ishirini na nne. Na ritani zote za nyuma nilizopeleka serikalini nizifungue. Faini sijui." Akavaa miwani. "Au uwalipe kilichobaki, mbele yangu. Hapo hati zinakuwa za kweli."

Tajiri alifanya kosa lake hapo. Alinyoosha mkono kuelekea kwangu.

"Lakini aliyepatana nanyi si huyu hapa? Yeye ndiye alikuwa anaingia ndani. Mimi nilikuwa getini."

Wote wakanitazama, na kwa muda nilihofia kwamba nimewakusanya waje kunihukumu mimi. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia vumbi. Nilikuwa nimeshaapa kwamba sitajitetea, kwamba kila neno litoke kinywani mwake.

Bibi aliweka kikombe chini. "Mwiteni mkwe wangu."

Mkwe aliingia, mtu mkubwa mwenye haya, akasimama karibu na mafriji.

"Fedha za kitanda ulipewa na nani?"

"Na huyu baba," alisema, akimwonyesha tajiri kwa kidevu.

"Huyu dada alikuwa wapi?"

"Alikuwa bado ndani na wewe, mama. Anakifunika kitanda."

"Na neno la dhariba alilisema nani?"

"Yeye. Alisema, mwambie mama ni dhariba, usimsumbue na hesabu."

Tajiri alifungua kasha la fedha. Alilipa mmoja mmoja, na mhasibu akaandika, na kila aliyepokea alihesabu kwa sauti ingawa zilikuwa noti mbili tatu. Aliyekuwa na kumi na tano alihesabu, aliyekuwa na mbili alihesabu. Wateja wawili waliokuja kutafuta mashine ya kufulia walisimama kutazama. Nilikaa mahali ambapo nitauona uso wake wote.

Walipokuwa wanajifunga mabuibui nilisema, "Tajiri, kabla hawajaondoka. Waambie nani alikata."

"Si wameshasikia?"

"Wamesikia kwa mkwe."

Alimtazama mhasibu, na mhasibu akatazama karatasi zake.

"Mimi," alisema.

"Sauti, baba," alisema Bibi. "Masikio yangu si ya jana."

"Mimi ndiye niliyekata."

Yule wa Al Khuwair alinipita akanifinya mkono, akanambia nimfikie Ijumaa, kuna kabati la dada yake. Bibi alisimama kwangu mwisho. Nilitegemea dua.

"Ungekuja kunambia nyumbani," alisema. "Umenileta na jua hili lote ili umfedheheshe mtu wako. Haya. Umefanya." Akaenda zake, mkwe amemshika kiwiko.

Alikuwa amesema kweli. Lakini sikuona aibu. Nilikuwa bado sijamaliza.

Magari yalipoondoka nilimfuata mhasibu ofisini, tajiri yumo, nikamwambia kuhusu wanunuzi: kwamba kila aliyenunua aliambiwa kwa mdomo aongeze tano kwa mia, na hizo hazikuandikwa popote. Samadari haikuuzwa mia tano na kumi. Mtu wa nyumba ya wageni alitoa mia tano thelathini na tano na nusu.

Mhasibu alivua miwani tena. "Kila ulichopokea kwa mnunuzi ni bei, boss. Uite jina lolote. Hizo zote ni faida na zina kodi ndani yake." Akafungua tena faili alilokuwa amelifunga. Tajiri alinitazama, na safari hii alikuwa na hasira. Nilifurahi kuiona. Niliacha ufunguo wa duka juu ya meza.

Kila mtu alitegemea nitaondoka Maskati. Mimi pia nilitegemea. Badala yake nilivuka barabara. Upande wa pili wa duka lake kulikuwa na duka jingine kama lake, dogo zaidi, la mzee mmoja asiyependa maneno. Nilimwambia nina nyumba za Al Khoudh na Al Khuwair, na sharti langu ni moja: muuzaji apokee fedha mkononi mwake mwenyewe, chumbani, kabla hajatia saini. Bei moja kwenye kibandiko, kodi iko ndani ya faida, hatumwambii mtu neno la dhariba. Alikubali, akaniuliza nimekaa wapi kabla. Nikamtajia mji mmoja mmoja. Akacheka kwa mara ya kwanza.

Tajiri wangu wa zamani hakukubali kushindwa upesi. Alimtuma mkewe aingie yeye katika zile nyumba. Mwanamke mwema, sina neno naye. Walimpokea kwa kahawa na tende, wakamtembeza vyumba vyote, wakamfungulia makabati, wakamwonyesha vioo, wakamuulizia watoto. Kila nyumba ilimwambia kitu hicho hicho, kwamba bado hawajaamua kuuza. Baadaye wakanipigia mimi. Nilikwenda siku hiyo hiyo, mara moja nilifika sahani za tende zake hazijaondolewa.

Sikukuu moja walinitumia ujumbe, ndugu za tajiri, nimsamehe, sisi sote ni watu wa pwani moja. Niliwajibu kheri ya sikukuu.

Sasa ananunua viti vya ofisi na meza za makampuni yanayofunga. Makampuni yale yamesajiliwa, yanamwandikia ankara yenye kodi, naye anawaandikia wateja wake kodi ya bei nzima, kila baisa iko kwenye karatasi. Viti vya magurudumu, vyeusi vyote, vimepangwa mbele ya duka lake juani. Hakuna aliyezaliwa juu yake. Asubuhi huwa natoka na kiti changu nikakaa kivulini upande wetu, namtazama anavyovifuta vumbi kimoja kimoja. Miguu huniwasha, hasa majira ya joto yakianza, na mara mbili nimeulizia nauli ya kwenda Unguja. Nitakwenda. Ila kwanza nataka afunge.